Anza na Kitenzi: Sentensi Pungufu na Sentensi Zilizolundikana Katika Maswali ya Kuchagua

Leo nazungumza hasa na mtahiniwa, na mzazi au mwalimu anayekaa naye jioni kumsaidia. Tutachukua aina moja tu ya swali: lile linalokupa maelezo yaleyale yaliyoandikwa kwa namna nne, A, B, C na D, kisha likakwambia chagua sentensi iliyoandikwa vizuri zaidi. Wakenya waliofanya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wanalikumbuka vizuri, kwa maana karatasi ya lugha ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Mtihani huo umekwenda zake, lakini swali la namna hii limebaki madarasani, katika vitabu vya mazoezi na katika mitihani mingine mingi.

Katika maswali haya makosa mawili hurudi tena na tena. La kwanza ni sentensi pungufu, yaani maneno yaliyowekewa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni ilhali maana yake haijakamilika. La pili ni sentensi zilizolundikana, yaani sentensi mbili au tatu zilizo kamili ambazo zimesukumwa pamoja bila kiungo cha kuzishika. Watahiniwa wengi huyatafuta makosa haya kwa kupima urefu. Wakiona sentensi fupi husema ni pungufu, na wakiona ndefu husema imelundikana. Kipimo hicho kitakuangusha. Neno moja, “Wamefika”, ni sentensi kamili ya Kiswahili. Kwa upande mwingine, maneno kumi na tano yanaweza kupangwa vizuri, yakasomeka kwa mahadhi mazuri, na bado yasiwe sentensi.

Kipimo cha kweli ni kitenzi. Katika Kiswahili kitenzi hubeba mambo mengi ndani yake: mtendaji, wakati, na mara nyingine hata ishara kwamba kitenzi hicho kinategemea kingine. Ishara hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitafuta leo.

Sikiliza methali hii: “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Ina vitenzi viwili. Ukisema “utajenga ukuta” ukanyamaza, umesema jambo likakamilika. Ukisema “usipoziba ufa” ukanyamaza, anayekusikiliza atakutazama akingoja umalize. Kinachomfanya angoje ni ile -sipo- iliyo ndani ya kitenzi, inayoleta sharti, na sharti hudai matokeo. Chukua na hii: “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.” Kitenzi cha kwanza kina kirejeshi -ye-, kwa hiyo kinamtaja mtu bila kusema ana nini. Habari yenyewe imo katika “hufunzwa”, na hicho ndicho kitenzi kinachojitegemea.

Alama za utegemezi, basi, hukaa mahali pawili. Nyingine zimo ndani ya kitenzi: -ki- ya “akifika”, -po- ya “alipofika”, -sipo- ya “asipofika”, na virejeshi kama -ye-, -o-, -cho- na -lo- katika “aliyefika”, “waliofika”, “kilichofika” na “lililofika”. Nyingine hutangulia kitenzi: “amba-” pamoja na viambishi vyake, “ingawa”, “kwa sababu”, “kwa kuwa”, “ili”, “kwamba”. Hizi za kutangulia zinahitaji jicho kali, kwa sababu kitenzi chenyewe hubaki na sura ya kawaida. Katika “wanafunzi ambao wamefika mapema”, neno “wamefika” halionyeshi kasoro yoyote. Lakini “ambao” imekwisha kulifunga, na msikilizaji bado anauliza: hao wanafunzi wamefanya nini?

Ongeza tahadhari mbili ndogo. Kitenzi kinachoanza na ku- na kutumika kama jina hakihesabiwi. “Kusafiri kwa jahazi kutoka Mombasa hadi Pemba wakati wa upepo mkali” ni jina refu tu la jambo, halina habari. Upande wa pili, vile vitenzi vidogo vishirikishi, “ni”, “si” na “ndi-”, vinahesabiwa. “Kusafiri kwa jahazi ni hatari” ni sentensi kamili, na iliyoikamilisha ni “ni”.

Sasa tufanye swali la kwanza pamoja. Nitasoma polepole, na alama za uakifishaji nitazitaja, kwa kuwa redioni hazionekani. Kama una kalamu, andika.

A: Wavuvi waliotoka Lamu kabla ya alfajiri, koma, ingawa upepo wa kusi ulikuwa mkali, nukta. Walirudi na samaki wengi, nukta.

B: Wavuvi waliotoka Lamu kabla ya alfajiri, koma, ingawa upepo wa kusi ulikuwa mkali, koma, walirudi na samaki wengi, nukta.

C: Wavuvi waliotoka Lamu kabla ya alfajiri, koma, upepo wa kusi ulikuwa mkali, koma, walirudi na samaki wengi, nukta.

D: Wavuvi waliotoka Lamu kabla ya alfajiri, koma, ingawa upepo wa kusi ulikuwa mkali, koma, wakiwa na samaki wengi waliporudi, nukta.

Tuanze na A, tuvihesabu vitenzi hadi nukta ya kwanza. “Waliotoka” ina kirejeshi -o-, imefungwa. “Ulikuwa” imetanguliwa na “ingawa”, imefungwa pia. Hakuna kitenzi kingine. Tumefika kwenye nukta bila kitenzi hata kimoja kinachojitegemea, kwa hiyo hiyo ni sentensi pungufu. Wavuvi wametajwa, hali ya hewa imetajwa, lakini hatujaambiwa wavuvi walifanya nini. Habari hiyo imeachwa upande wa pili wa nukta, katika neno “walirudi”.

Katika B, “waliotoka” imefungwa, “ulikuwa” imefungwa, lakini “walirudi” iko huru na iko ndani ya sentensi ileile. Kitenzi huru kimoja, kiima chake ni wavuvi, na maelezo ya upepo yamewekwa katikati, yakiwa na koma mwanzoni na koma mwishoni. Tazama kwamba koma hizo zinakwenda pamoja. Ukiiondoa moja na kuiacha nyingine, ile inayobaki itamtenga mtendaji na kitenzi chake bila sababu.

C imeondoa “ingawa”. Mtungaji wa swali ameiweka kwa makusudi, maana mtahiniwa aliyeona A ina upungufu anaweza kudhani kwamba tatizo ni hiyo “ingawa”. Ilipoondolewa, “ulikuwa” imefunguka na kuwa kitenzi huru, na “walirudi” nayo ni huru. Sasa kuna sentensi kamili, “upepo wa kusi ulikuwa mkali”, iliyochomekwa katikati ya nyingine na kushikizwa kwa koma tu. Upungufu umetibiwa kwa mlundikano.

D ndiyo huwanasa wengi, kwa sababu inasomeka vizuri na inaonekana imeshiba. Lakini hesabu: “waliotoka” imefungwa na kirejeshi, “ulikuwa” imefungwa na “ingawa”, “wakiwa” imefungwa na -ki-, “waliporudi” imefungwa na -po-. Vitenzi vinne, na hakuna kilicho huru hata kimoja. Ni sentensi pungufu, tena ni ndefu kuliko zote nne. Jibu ni B.

Kabla hatujaliacha swali hili, tuseme namna sentensi pungufu inavyotengenezwa, maana njia hazizidi mbili za msingi. Ya kwanza ni kuipeleka kwa jirani yake, kama B ilivyofanya: kile kipande kinaunganishwa na sentensi iliyo na kitenzi huru. Ya pili ni kukifungua kitenzi chake kimoja. Badala ya “wavuvi waliotoka”, andika “wavuvi walitoka”, uondoe kirejeshi, na hapo unapata: “Wavuvi walitoka Lamu kabla ya alfajiri, ingawa upepo wa kusi ulikuwa mkali. Walirudi na samaki wengi.” Hiyo nayo ni sahihi kabisa. Tofauti ni silabi moja, lakini imegeuza kipande kuwa sentensi. Kwa hiyo usiingie kwenye machaguo ukiwa umeshaamua kwamba lazima sentensi ziunganishwe. Mtungaji anaweza kuchagua njia yoyote kati ya hizo mbili, na kazi yako ni kuitambua.

Sasa tugeukie mlundikano. Chanzo chake kikubwa ni kanuni ambayo wengi wetu tulifundishwa tukiwa wadogo, kwamba koma huwekwa pale unapopumua. Kanuni hiyo humsaidia mtoto kusoma kwa sauti, lakini haimsaidii mtahiniwa kuchagua jibu. Pumzi hailijui kosa. Ukisoma sentensi mbili zilizolundikana kwa sauti, ulimi utazitenganisha wenyewe, utashusha sauti panapostahili, na sikio litaridhika. Karatasi haina sauti ya kushusha. Ina alama na viungo tu. Kwa hiyo, katika mlundikano pia, tafuta vitenzi kwanza, kisha uangalie kilichopo kati ya kitenzi huru kimoja na kingine.

Swali la pili ni hili.

A: Mvua ilinyesha usiku kucha, koma, barabara ya kwenda shuleni ilifunikwa na maji, koma, wanafunzi walichelewa mtihani, nukta.

B: Mvua iliponyesha usiku kucha, nukta. Barabara ya kwenda shuleni ilifunikwa na maji, koma, kwa hiyo wanafunzi walichelewa mtihani, nukta.

C: Mvua ilinyesha usiku kucha, koma, barabara ya kwenda shuleni ikafunikwa na maji, koma, wanafunzi wakachelewa mtihani, nukta.

D: Mvua ilinyesha usiku kucha, koma, lakini barabara ya kwenda shuleni ilifunikwa na maji, nukta mkato, wanafunzi walichelewa mtihani, nukta.

Katika A kuna “ilinyesha”, “ilifunikwa” na “walichelewa”. Vyote vitatu ni huru, kila kimoja kina mtendaji wake, na kati yao kuna koma tupu. Huo ni mlundikano. Kuondoa koma hakungesaidia, kungezidisha tu.

B ina “kwa hiyo” nzuri upande wa pili, na mtahiniwa mwenye haraka ataiona hiyo akaishia hapo. Lakini mwanzoni “iliponyesha” imefungwa na -po-, kisha nukta imekuja kabla ya kitenzi huru. Mlundikano umeponywa, sentensi pungufu imezaliwa.

D haina kosa la muundo. Vitenzi huru vitatu vimetenganishwa ipasavyo, viwili kwa “lakini” na cha tatu kwa nukta mkato. Kosa lake liko katika maana. “Lakini” huleta jambo linalokwenda kinyume na lililotangulia. Mvua kunyesha na barabara kujaa maji havipingani, kimoja kimesababisha kingine. Hapa tunajifunza kwamba hesabu ya vitenzi huondoa majibu yenye kasoro ya muundo, lakini hayo yanayobaki lazima uyasome tena kwa maana.

Sasa tazama C. Inafanana na A neno kwa neno, koma kwa koma. Kilichobadilika ni “ilifunikwa” kuwa “ikafunikwa”, na “walichelewa” kuwa “wakachelewa”. Ni -li- mbili zilizogeuka -ka-. Na C ndiyo jibu, bila kiunganishi chochote.

Hapa, msikilizaji, tupatulie -ka- muda, kwa maana hiki ndicho kiungo ambacho Kiswahili kinacho na wanafunzi wengi hawakitambui kama kiungo. Kiambishi -ka- husema kwamba tendo hili lilifuata tendo lililotajwa kabla yake, na mara nyingi kwamba lilitokana nalo. Kwa hiyo kinafanya kazi ya kuunganisha kikiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Ndiyo sababu msimuliaji wa hadithi anaweza kusema “alifika, akaketi, akaomba maji, akanywa” bila “na” wala “kisha”, na sentensi yake ikasimama imara. Aliyezoea kanuni za uakifishaji za Kiingereza ataiona hiyo kama mlundikano, kwa kuwa anaona vitenzi vingi na koma tupu. Ataikataa C na kukosa alama.

Lakini -ka- ina mipaka yake, na watungaji wa maswali wanaijua. Kwanza, inahitaji kitenzi cha kuegemea kabla yake, kwa kawaida chenye -li-. Sentensi inayosimama peke yake katika swali, ikianza na “Akaketi, akaomba maji”, inamwacha msomaji akiuliza baada ya nini. Pili, inafaa pale tu ambapo matendo yanafuatana. Sikiliza hii: “Nyumba ilikuwa kubwa, ikawa na madirisha mawili tu.” Madirisha hayakufuata ukubwa. Ni hali mbili zilizokuwapo pamoja, tena zinapingana, na kinachohitajika ni “lakini”: “Nyumba ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na madirisha mawili tu.” Vivyo hivyo, “Asha anapenda hesabu, Juma anapenda historia” haiponywi kwa -ka-, kwa sababu hakuna aliyemtangulia mwenzake. Hapo weka “ilhali”, au weka nukta mkato.

Tuseme basi njia za kuondoa mlundikano. Njia iliyo salama kuliko zote ni nukta: zitenganishe sentensi, kila moja ianze upya. Udhaifu wake ni kwamba msomaji anaachiwa kazi ya kuutambua uhusiano wa mambo mwenyewe. Njia ya pili ni kiunganishi kinachoutaja uhusiano huo: “na”, “lakini”, “kwa hiyo”, “ilhali”. Nukta mkato inafaa pale sentensi mbili zinapokuwa karibu kimaana kiasi kwamba nukta ingezitenga mno. Njia nyingine ni kukifunga kitenzi kimoja ili kikitegemee kingine, kwa mfano: “Kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ya kwenda shuleni ilifunikwa na maji.” Na kwa matukio yanayofuatana, tunayo -ka-.

Utaona kwamba ile ya kukifunga kitenzi ni kinyume kamili cha tiba ya sentensi pungufu. Kule tulikifungua kitenzi kilichofungwa, huku tunakifunga kilicho huru. Ndiyo maana machaguo ya maswali haya huruka kutoka kosa moja hadi jingine. Mtungaji akishaandika sentensi yenye mlundikano, hufunga kitenzi kimoja kupata jibu sahihi, kisha hufunga vyote kupata mtego. Ukiona chaguo limejaa “-po-”, “-ki-” na “ambao” kwa wingi, lisome kwa tahadhari na uulize kama kuna kitenzi hata kimoja kilichobaki huru.

Neno kwa msikilizaji anayejiandaa na mitihani ya Kiingereza. Wapo vijana wetu wanaofanya SAT kwa ajili ya vyuo vya Marekani, na wapo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili walioko huko wanaofanya GED ili wapate cheti chenye hadhi ya sekondari. SAT, ambayo siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, ina maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, na kila swali lina machaguo manne. Sehemu ya maswali hayo hupima jambo hilihili tunalolizungumza. Njia ya kuanza na kitenzi inafaa huko pia, lakini chukua tahadhari tatu. Kiingereza hakina -ka-, kwa hiyo vishazi viwili huru vilivyotenganishwa kwa koma tupu vihesabu kuwa ni kosa, hata kama matukio yanafuatana. Umbo la kitenzi ambalo sisi tungelieleza kwa -ki-, likikosa kitenzi kisaidizi mbele yake, halihesabiwi kuwa kitenzi huru. Na neno lao lenye maana ya “hata hivyo” si kiunganishi kwao. Likiwekwa kati ya sentensi mbili kamili, kabla yake panatakiwa nukta au nukta mkato, na koma haitoshi. Mzungumzaji wa Kiswahili huteleza mara nyingi katika hilo la kwanza na hilo la tatu, kwa sababu sikio lake limezoea lugha inayounganisha kwa njia nyingine.

Tuseme pia kwamba si kila kinachokataliwa katika mtihani kinakatazwa katika uandishi wote. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika “Giza. Mvua. Kimya.” na kila msomaji akamwelewa. Mazungumzo ya watu yamejaa sentensi pungufu, kwa kuwa ukiulizwa “Umetoka wapi?” utajibu “Sokoni” na hakuna anayekulaumu. Swali la kuchagua lina sharti lake: linataka sentensi iliyokamilika peke yake, bila kutegemea muulizaji wala hadithi iliyotangulia. Mwalimu akilieleza hilo darasani, mwanafunzi hataona kwamba mtihani unapingana na vitabu anavyovisoma.

Kwa hiyo, mtahiniwa, likikujia swali la namna hii, piga mstari chini ya kila kitenzi katika kila chaguo. Zungushia duara kila alama iliyokifunga, iwe ndani ya kitenzi au mbele yake. Hesabu vilivyobaki huru kabla ya kila nukta. Kama hakuna, hiyo ni pungufu, iache. Kama ni kimoja, muundo umekaa sawa. Kama ni viwili au zaidi, kagua kiungo kilichopo kati yao, na usisahau kwamba -ka- nayo ni kiungo. Machaguo yatakayobaki, yasome kwa maana, uchague lile linaloutaja uhusiano wa mambo kama ulivyo kweli. Nawe mwalimu, nawe mzazi, mtoto akileta jibu, usimwambie tu kwamba ni sahihi au si sahihi. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kitenzi kinachojitegemea. Akikionyesha bila kusita, ameelewa, hata kama swali lijalo litakuwa na maneno mengine kabisa.